Dawa za presha asubuhi ya upasuaji: anywe au asinywe? Nesi na daktari wa usingizi wametuchanganya

Mpwa wa Kilosa (#1)
Wakuu, habari za jioni. Mama yangu ana miaka 64 na ngiri ya kitovu. Amepangiwa upasuaji Jumatano asubuhi, kwa nusu kaputi. Presha anayo miaka mingi: asubuhi anakunywa losartani yenye H (50 na 12.5 kwenye kidonge kimoja), usiku amlodipini 10. Kwa dawa hizo presha yake inacheza 140/85.

Nesi wa kliniki alimwambia: "Dawa zako zote za presha kunywa asubuhi kwa maji kidogo, usije ukapanda tukakurudisha nyumbani." Tukavuka korido kwa daktari wa usingizi, naye akasema: "Hiyo ya asubuhi iache. Ya usiku kunywa kama kawaida." Nikamuuliza mbona nesi kasema vingine. Akanijibu ndivyo anavyotaka yeye, akaita mgonjwa anayefuata.

Hospitali moja, mgonjwa mmoja, majibu mawili. Nani kakosea? Na kama presha kupanda ni hatari, kwa nini dawa iachwe siku hiyohiyo mtu anapopasuliwa?

Kokoto (#2)
Nakaa mbele kabisa. Mke wangu naye ana tarehe mwezi ujao.

DukaLaDawa (#3)
Mkuu, mimi niko famasia. Dawa ya presha haiachwi, nukta. Mgonjwa akiacha ghafla, presha inarudi kwa nguvu kuliko ilivyokuwa kabla hajaanza dawa. Nimeshuhudia mama wa atenololi aliyemaliza vidonge siku ya Ijumaa, Jumatatu kaja mapigo ya moyo yanakimbia na kifua kinabana. Sasa huyo wa kwenu mnataka apate kiharusi juu ya meza? Mpe zote. Daktari wa usingizi anaogopa kazi yake tu.

Bomba Jekundu (#4)
DukaLaDawa, ulichosema ni kweli kwa atenololi. Ni kweli kwa bisoprololi, na kwa klonidini ndiyo kabisa. Hizo mgonjwa aliyezizoea anakunywa hadi asubuhi ya upasuaji, na mimi nisipoona ameandikiwa nauliza. Losartani haina tabia hiyo. Ukiiruka siku moja presha inapanda polepole, hairuki.

Nafanya kazi ya usingizi, kwa hiyo niseme ninachokiona. Mwili unashikilia presha kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni mishipa ya fahamu inayobana mishipa ya damu. Ya pili inaanzia kwenye figo: figo ikiona damu haiji ya kutosha inamwaga kemikali ambayo mwisho wake ni kubana mishipa na kutunza chumvi. Ya tatu ni homoni ya vasopresini kutoka kwenye ubongo. Nikimlaza mtu kwa nusu kaputi, ile ya kwanza nimeizima mimi mwenyewe kwa kiasi kikubwa. Mwili unakimbilia ya pili. Lakini losartani kazi yake ndiyo hiyo, kuifunga ya pili. Anabaki na vasopresini peke yake.

Kibaya zaidi, efedrini ninayochoma ili kupandisha presha inapitia sana kwenye mishipa ya fahamu ileile niliyoilaza. Kwa mgonjwa wa kawaida sindano moja inatosha. Kwa aliyekunywa losartani au enalaprili asubuhi naweza kuchoma ya kwanza, ya pili, ya tatu, na presha inanitazama tu.

Amlodipini ni jambo jingine. Inalegeza mishipa bila kugusa njia ya figo, na inakaa mwilini muda mrefu, hivyo hata ukiruka dozi moja bado imo. Hiyo tunaacha aendelee. Na hiyo "H" ni dawa ya kukojoza. Mtu aliyefunga tangu usiku hahitaji kukojozwa asubuhi.

Kwa hiyo daktari wa mama hajakurupuka. Ukiacha losartani, moyo unaumia mara chache zaidi na mgonjwa anatoka salama zaidi. Utafiti mkubwa wa 2017 ulionyesha hivyo.

Kokoto (#5)
DukaLaDawa leo kaandikiwa dozi mara tatu kwa siku.

DukaLaDawa (#6)
Kokoto tulia. Bomba Jekundu nimekuelewa, ila kwa nini mgonjwa haambiwi hivyo? Anakuja dukani ananiuliza "niache dawa?", mimi nitajuaje kama wamekusudia ipi?

Babu wa Tabata (#7)
Wanangu, mimi hayo yamenipata mwilini. Nina miaka 71, nilifanyiwa tezi dume kwa sindano ya mgongo. Dawa zangu ni enalaprili na ile ya kukojoza, hidroklorothiazidi. Niliambiwa nisile wala kunywa chochote kuanzia saa sita usiku, ila dawa za presha ninywe alfajiri. Nikanywa zote kwa funda moja la maji. Zamu yangu ikafika saa saba na nusu mchana.

Kabla ya sindano mashine ilisoma 150/88. Wakanichoma, wakanilaza chali. Muda si mrefu nikasikia kichefuchefu kikali, jasho likanitoka, sauti za watu zikawa mbali. Nikamwambia kijana aliye kichwani kwangu kwamba nataka kutapika. Akatazama mashine: 78/42. Akachoma dawa ya kwanza, ikapanda kidogo ikashuka tena. Akachoma tena, na tena. Dripu mbili wakazikamua kwa mikono. Mwisho akamwita mkubwa wake, wakanipa kitu wanachokiita adrenalini, kidogokidogo, ndipo nikarudi duniani. Kazi ikaendelea, nashukuru Mungu, na mkojo sasa unatoka kama wa kijana.

Kwa hiyo Mpwa wa Kilosa, mama asinywe hiyo losartani. Mimi ni shahidi.

Kokoto (#8)
Babu hapo mwisho hatukuuliza.

Ummu Nasra (#9)
Asalaam alaykum. Mimi presha yangu ni ya kushuka, 95/60 tangu usichana. Nina upasuaji wa uzazi mwezi ujao. Je, na mimi niache dawa? Dawa zenyewe situmii. Jirani ananiambia nile chumvi siku tatu kabla.

Bomba Jekundu (#10)
Waalaykum salaam. Dada, huna dawa ya kuacha, na chumvi ya jirani iache hukohuko kwa jirani. Sindano ya mgongo inashusha presha ya wajawazito wengi hata wasio na historia yoyote, na wanaokupasua wanalijua hilo. Utaona wanakulaza umeinamia kidogo upande wa kushoto. Waambie tu kwamba 95/60 ndiyo kawaida yako. Na ukisikia kichefuchefu ghafla baada ya sindano, sema papo hapo kama alivyosema Babu. Mara nyingi kichefuchefu kinatangulia kabla mashine haijasoma.

Nesi wa Likoni (#11)
Naona nesi amefanywa mkosaji hapa. Mimi ni nesi, niko Mombasa, na nitamtetea mwenzangu.

Ukimwambia mgonjwa "acha dawa ya presha", yeye huacha zote. Tena si asubuhi hiyo tu, huanza wiki nzima mapema, kwa kuwa amesikia daktari amemwambia aache. Siku ya upasuaji nampima ni 196/114. Wengi huku hutumia 180/110 kama mpaka kwa upasuaji usio wa dharura. Mama wa watu amefunga tangu jana, amelipa nauli ya kutoka Kwale, anaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Hao ndio niwaonao mimi. Wanaoshuka presha ndani ya chumba cha upasuaji huonwa na Bomba Jekundu. Kila mtu huogopa kile kinachoangukia mikononi mwake.

Ndiyo maana nesi husema "kunywa zote". Ni agizo fupi lisilopotea njiani.

Bomba Jekundu (#12)
Nesi, hilo sina la kubisha. Dawa yake ni kuandika kwenye karatasi jina la kidonge na siku. "Acha presha" si agizo.

MsomaMajarida (#13)
Nimesoma uzi wote. Bomba Jekundu umeeleza vizuri jinsi mwili unavyofanya kazi, ila mwisho wa #4 umeteleza, na hapo ndipo ubishi wote ulipo.

Utafiti wa 2017 haukuwapangia watu kwa bahati nasibu. Uliangalia nani aliacha dawa na nani aliendelea, kisha ukahesabu yaliyowapata. Aliyeambiwa aache huenda alikuwa na daktari makini zaidi kwa kila kitu. Baadaye Wafaransa wakafanya jaribio lenyewe: wagonjwa 2,222 wa upasuaji mkubwa usio wa moyo, hospitali 40, nusu waache vidonge vya jamii ya losartani na enalaprili saa 48 kabla, nusu wanywe hadi siku yenyewe. Matokeo yalitoka kwenye jarida la JAMA mwaka 2024. Presha ilishuka wakati wa upasuaji kwa asilimia 54 ya walioendelea na asilimia 41 ya walioacha. Hapo una haki. Lakini vifo na matatizo makubwa ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 22 kwa 22. Hakuna tofauti.

Mwaka huohuo kukawa na jaribio dogo la Uingereza lililopima kama moyo unaumia. Walioacha hawakulindwa zaidi, na wengi wao zaidi walipanda presha kupita kiasi. Kwa hiyo nesi wa Mpwa hajakosea, na daktari hajakosea. Wanachagua tatizo lipi wapambane nalo.

Bomba Jekundu (#14)
Sawa, "salama zaidi" naiondoa. Presha kushuka mara chache zaidi, hilo linabaki.

Ila nikuulize. Hao Wafaransa wana noradrenalini kwenye pampu, wengine wana waya ndani ya mshipa unaosoma presha kila pigo la moyo. Ikishuka, inainuliwa ndani ya dakika chache. Ndiyo maana haikuleta madhara. Mimi kuna siku nina mashine ya mkono inayojikaza kila dakika tano, efedrini, na adrenalini ninayoizimua mwenyewe kwenye bomba. Vasopresini sijaishika. Kwa vifaa hivyo, kwangu bora tatizo lisije kuliko kulifukuza.

MsomaMajarida (#15)
Hoja nzuri, lakini hiyo ni hoja yako, si matokeo ya jaribio. Hakuna aliyeipima. Mtu mwingine anaweza kugeuza: kama vifaa ni hafifu, basi hata presha kupanda wodini usiku baada ya upasuaji hakuna wa kuiona.

Nesi wa Likoni (#16)
Wodi yangu nesi mmoja usiku, vitanda 30. MsomaMajarida amesema kweli tupu.

Fundi Dripu (#17)
Turudi kwa Babu wa Tabata, kwa sababu mmempa enalaprili kesi bila kusikiliza upande wa pili. Huyu mzee kafunga kuanzia saa sita usiku hadi saa saba na nusu mchana. Hiyo ni saa 13 na nusu bila tone la maji ukiondoa funda moja, na juu yake kanywa dawa ya kukojoza alfajiri! Kaingia mle mkavu. Ukimlegezea mishipa ya miguu kwa sindano ya mgongo, damu inabaki miguuni, moyo hauna cha kusukuma. Angeruhusiwa maji meupe hadi saa mbili kabla, kama miongozo inavyosema, huenda angeshuka hadi 110 tu na tusingekuwa na stori.

Bomba Jekundu (#18)
Inawezekana. Tuzitazame namba zake. Presha ya wastani unaipata kwa kuchukua ya chini mara mbili, ujumlishe ya juu, ugawe kwa tatu. Alianza 150/88, wastani kama 109. Akashuka 78/42, wastani 54. Kapoteza nusu. Sisi tunaanza kuhangaika ikiwa chini ya 65, kwa hiyo kijana hakuwa na mchezo.

Ukavu unaeleza kushuka. Ila kama ni ukavu peke yake, dripu mbili na efedrini zingemrudisha. Kugoma kwa efedrini hadi adrenalini ndiko kunakonifanya nimtazame enalaprili. Ingawa efedrini nayo ikirudiwarudiwa nguvu yake inapungua kwa mtu yeyote.

Babu, swali: vidole vya mikono viliwasha au kufa ganzi? Ulihisi kifua kizito?

Babu wa Tabata (#19)
Vidole sikumbuki kuviangalia mwanangu, nilikuwa nakufa. Kifua kilikuwa chepesi. Tumbo ndilo sikulihisi hadi juu ya kitovu, karibu na mbavu.

Fundi Dripu (#20)
Mbavu? Kwa tezi dume ganzi ingetosha kuishia kitovuni. Basi tuna mshitakiwa wa tatu, ganzi ilipanda juu kuliko ilivyohitajika. Kadiri inavyopanda ndivyo mishipa mingi zaidi inavyolegea.

Bomba Jekundu (#21)
Watatu pamoja, na upasuaji wenyewe wa tezi dume juu yao. Kutoka hapa siwezi kuwatenganisha, na hata aliyekuwepo huenda asingeweza.

Mpwa wa Kilosa (#22)
Ahsanteni sana, nimejifunza kuliko nilivyotegemea. Maswali mawili. Dozi ya mwisho ya mama itakuwa Jumanne saa moja asubuhi, upasuaji ni Jumatano saa mbili. Hiyo inatosha? Na kuna mjomba anakunywa losartani usiku. Yeye angefanyaje?

Bomba Jekundu (#23)
Mama atakuwa na saa 25. Kwa losartani inatosha; kinachofanya kazi mwilini kinapungua nusu kila saa sita hadi tisa, hivyo asubuhi hiyo kimebaki kidogo. Mjomba akiinywa saa tatu usiku na kupasuliwa saa mbili asubuhi, ana saa 11 tu. Kwake ya kuruka ni ile ya usiku wa kuamkia upasuaji, kama daktari wake anataka iachwe. Watu wengi wanasahau hili, wanahesabu "asubuhi" badala ya kuhesabu saa.

Telmisartani ni sugu zaidi. Inapungua nusu kwa karibu siku nzima, hivyo ukiruka kidonge kimoja nusu yake bado imo.

Angalieni boksi: jina likiishia na "sartan" au "pril" ndio jamii tunayoizungumzia.

DukaLaDawa (#24)
Hapo kuna mtego. Nauza kidonge kimoja chenye telmisartani na amlodipini ndani. Huyo unamwambia aache nusu?

Bomba Jekundu (#25)
Hakigawanyiki. Mimi humwandikia amlodipini peke yake kwa siku hiyo, au nikaona presha yake imekaa vizuri nikamwambia aruke chote. Wenzangu wengine humwacha anywe wanajiandaa. Hakuna aliyekosea.

Mtoto wa Daktari (#26)
Samahani nadandia. Baba yangu anakunywa enalaprili lakini si kwa presha, wanasema moyo wake umetanuka na hausukumi vizuri. Anafanyiwa ngiri pia. Nimesoma hapa nikamwambia aache.

Bomba Jekundu (#27)
Mrudishie leo. Kwa moyo dhaifu dawa hiyo inaubeba moyo wenyewe, si namba kwenye mashine. Hata miongozo inayoruhusu kuiacha kwa wenye presha hutenga wagonjwa wa namna hii. Nenda kwa anayemtibu moyo na kwa daktari wa usingizi, wote wawili, kabla ya tarehe. Uzi huu hauna kipimo cha moyo cha baba yako.

MsomaMajarida (#28)
Na ndiyo maana mimi naona agizo la nesi, "kunywa zote", lina akili kuliko linavyoonekana. Haliui mgonjwa wa moyo.

Mpwa wa Kilosa (#29)
Wakuu, mrejesho. Jumanne usiku mama alikunywa amlodipini, losartani hakugusa. Alifika 164/92, wakamruhusu. Daktari alisema ilishuka mara moja baada ya kulala, ya juu ikasoma 94, sindano moja ikatosha. Sasa yuko nyumbani, presha leo 158/90. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa wameandika antibiotiki na dawa ya maumivu. Losartani haikutajwa kabisa.

Fundi Dripu (#30)
Hongera kwa mama. Ila msije mkasema "mnaona?" Angeweza kushuka hivyohivyo akiwa ameinywa.

Nesi wa Likoni (#31)
Hilo la karatasi ndilo humaliza watu. Dawa iliachwa kwa siku moja, hakuna aliyeambiwa airudishe, baada ya miezi miwili anakuja na kiharusi.

Bomba Jekundu (#32)
Nesi kapatia. Anakula, anakunywa maji, anakojoa kawaida, presha 158/90? Piga simu wodini leo waithibitishe, losartani irudi. Kwa kawaida hatupendi ipite siku mbili bila sababu. Na hiyo dawa ya maumivu ni ipi? Kama ni diklofenaki, waambie hilo pia. Ikikutana na losartani na H kwa pamoja, figo zinalemewa.

Mpwa wa Kilosa (#33)
Ni diklofenaki. Siku tano, mara tatu.

DukaLaDawa (#34)
Sasa hapo ni duka langu. Mkuu, njoo PM na picha ya karatasi kabla hujampa kidonge kingine.